Kukodi kamyo au kuinunua: hesabu mbili za haraka zinazodanganya, na moja inayosimama

Chukua kamyo moja ya bene, ile ya kubeba mawe na mchanga kati ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Bei yake ni dola 100,000 bila TVA. Mwenye kampuni ndogo ya usafirishaji ana karatasi mbili mezani. Karatasi ya kwanza ni ya benki: mkopo wa dola 100,000, miaka 5, riba asilimia 15 kwa mwaka. Ya pili ni ya kampuni inayokodisha mitambo: dola 27,000 kila mwaka kwa miaka hiyo 5, zikilipwa mwanzoni mwa mwaka, nayo kampuni ya kukodisha inabeba asiransi na matengenezo makubwa. Mwaka wa tano ukiisha, kamyo inarudi kwa mwenyewe, ile kampuni ya kukodisha. Hizi ni tarakimu za mfano, nimezichagua ziwe rahisi kufuatilia kwa kalkuleta. Ukiwa na karatasi zako mwenyewe, weka zako mahali pa zangu.

Kabla ya kuendelea, neno moja linahitaji kutenganishwa. Kwa Kiswahili "kodi" hulipwa serikali na pia hulipwa mwenye nyumba, na katika hesabu hii mambo hayo mawili yakichanganyika umekwisha. Hapa kodi ni ile ya serikali tu, impo kama tunavyosema mjini. Anacholipwa mwenye kamyo nakiita pango.

Sasa, watu wawili wakiketi na karatasi hizo, mara nyingi hutoka na majibu mawili yanayopingana.

Wa kwanza anasema: pango ni 27,000 mara 5, yaani 135,000. Nikinunua nalipa 100,000, naweka asiransi na garaji kama 6,000 kwa mwaka, yaani 30,000, kisha mwishoni nauza kamyo iliyochoka kwa 20,000. Jumla 110,000. Kununua kunashinda kwa dola 25,000.

Wa pili anamcheka. Hizo 100,000 unazo wapi? Benki itakudai 29,832 kila mwisho wa mwaka, mara 5 ni 149,160 hivi. Ongeza 30,000 za garaji na asiransi, toa 20,000 za kuuza kamyo, unapata zaidi kidogo ya 159,000. Kukodi ni 135,000. Kukodi kunashinda kwa dola 24,000.

Kamyo ni moja, benki ni moja, na wote wawili wamejumlisha sawasawa. Kosa lao ni kuweka dola ya leo na dola ya mwaka 2030 kwenye mfuko mmoja, na wote wawili wameisahau kodi. Jibu lenyewe, tutaliona, ni kukodi, lakini kwa dola 3,400 tu. Kwenye biashara ya kamyo, 3,400 ni kitu ambacho kifungu kimoja cha mkataba kinaweza kukila chote. Mtu anayeamini anaokoa 24,000 atasaini kifungu hicho bila kukisoma.

Kwa nini riba ya benki, na kwa nini baada ya kodi

Mkataba wa kukodi usiovunjika kabla ya muda ni deni. Huna namna ya kuwaambia wenye kamyo kwamba mwezi huu mgodi haujalipa, kwa hiyo pango lisubiri. Lazima ulipe, kama unavyolipa benki. Ndiyo maana anayekodi anakula sehemu ya uwezo wake wa kukopa: benki ikiona mkataba wa kukodi wa miaka 5, inaupima kama mkopo mwingine uliokwisha kuuchukua. Kwa hiyo swali halisi ni hili: kati ya wakopeshaji wawili, benki na mwenye kamyo, nani anatoza ghali? Ili kuwalinganisha, malipo ya mmoja yanapimwa kwa riba ya mwingine. Kiwango cha kupunguzia malipo ya mbele, yaani cha kuyageuza kuwa dola za leo, ni riba ya benki.

Na kodi inaingia hivi. Riba unayoilipa benki ni gharama, inapunguza faida inayotozwa kodi. Kodi ya faida ya makampuni nchini Kongo ni asilimia 30. Kwa hiyo kila dola 15 za riba zinakupunguzia kodi dola 4.50, na mkopo wa asilimia 15 unakugharimu kweli asilimia 10.5. Hesabu yake ni 15 mara 0.70.

Ukitaka kujithibitishia, kopa dola 100 kwa mwaka mmoja. Mwishoni unarudisha 115. Kodi yako inashuka 4.50. Kilichotoka mfukoni ni 110.50. Gawanya kwa 1.105: unapata 100 kamili. Mkopo wa benki ukipimwa kwa riba yake yenyewe baada ya kodi, thamani yake ya leo ni ileile uliyokopa, si zaidi wala pungufu. Hiyo ndiyo sababu katika hesabu ya kununua tunaandika tu "dola 100,000 leo", hata kama mnunuzi hana hata mia moja mfukoni. Marejesho ya benki hayaandikwi popote. Riba imekwisha kuhesabiwa ndani ya 10.5.

Mtu wa pili hapo juu angekosea tena hapa. Akifundishwa kupunguza malipo ya mbele kwa 10.5, atataka bado kuandika marejesho ya 29,832 pamoja na nafuu ya kodi ya riba yote, na wakati huohuo kuacha ile 100,000 palepale. Hapo mkopo umelipwa mara mbili. Mara nyingi kosa hili hugundulika kwa macho: ukikuta kwenye jedwali mstari wa bei ya kamyo na mstari wa riba pamoja, mmoja wao si wake.

Wako pia wanaotumia kiwango kingine kabisa, kile cha faida wanayoitarajia kwenye biashara yao, tuseme asilimia 20. Hoja yao ni kwamba fedha zao zina kazi nyingine. Lakini pango halina hatari ya biashara; linajulikana, limeandikwa, lina tarehe. Ukilipima kwa asilimia 20 unayafanya malipo ya mwaka wa nne na wa tano yaonekane madogo kuliko yalivyo, na kwa kuwa kukodi kunasukuma malipo mbele, kukodi kutashinda karibu kila mara. Kwa kamyo yetu, 20 badala ya 10.5 inageuza ushindi wa 3,400 kuwa ushindi wa zaidi ya 16,000. Ninavyoona mimi, hiki ndicho kiwango ambacho muuzaji wa mikataba ya kukodi angependa utumie.

Upande wa kukodi

Pango linalipwa mwanzoni mwa mwaka, yaani leo, kisha baada ya mwaka 1, 2, 3 na 4. Kupunguza kodi kunakuja nyuma yake: pango la mwaka huu ni gharama ya mwaka huu, na nafuu yake unaiona mwaka ukifungwa. Kwa hiyo nafuu za kodi ni 27,000 mara 0.30, yaani 8,100, mwisho wa mwaka 1 hadi wa 5. Pengo hilo la mwaka mmoja kati ya kulipa na kupata nafuu si dogo. Watu wengi huandika "18,900 kila mwanzo wa mwaka" na kupita. Wanajipa nafuu ya kodi mwaka mzima kabla haijafika.

Kwa asilimia 10.5, dola moja inayolipwa baada ya mwaka 1 ina thamani ya leo ya senti 90.5, baada ya miaka 2, senti 81.9, miaka 3, 74.1, miaka 4, 67.1, miaka 5, 60.7. Dola moja kila mwisho wa mwaka kwa miaka 5 ina thamani ya 3.7429. Dola moja kila mwanzo wa mwaka kwa miaka 5 ina thamani ya 4.1359.

Pango: 27,000 mara 4.1359, yaani 111,668. Nafuu ya kodi: 8,100 mara 3.7429, yaani 30,317. Gharama halisi ya kukodi, kwa dola za leo, ni 81,351.

Upande wa kununua

Hapa ndipo vitu husahaulika, kwa hiyo nakwenda polepole.

Kwanza bei, 100,000, leo.

Pili uchakavu. Tuseme kamyo inafutwa vitabuni kwa miaka 5 kwa kiasi sawa, 20,000 kwa mwaka. Uchakavu wenyewe si fedha, hakuna anayelipwa. Kinachoingia ni kodi isiyolipwa kwa sababu yake: 6,000 kila mwisho wa mwaka. Mara 3.7429 ni 22,457, tunazitoa.

Tatu, gharama za kumiliki ambazo mkodi hazimgusi: asiransi, matairi ya kubadilisha, pyese kubwa, fundi. Nimeweka 6,000 kwa mwaka. Baada ya kodi 4,200. Thamani ya leo 15,720. Nimeziweka sawa kila mwaka ili hesabu isichoshe, ingawa kamyo haifanyi hivyo. Mwaka wa kwanza inakula kidogo, mwaka wa nne na wa tano springi, klachi na injekta zinaanza kudai, hasa kama ilikuwa inapakiwa kupita uzito na kupigwa na mashimo wakati wa mvua, Novemba hadi Machi. Ukiwa na makadirio ya kila mwaka, yaweke moja moja. Mafuta na mshahara wa dereva siviandiki, kwa kuwa ni vilevile ukikodi au ukinunua. Kitu kilicho sawa pande zote hakibadilishi jibu.

Nne, kuuza kamyo mwishoni. Vitabuni thamani yake ni sifuri, kwa hiyo 20,000 zote ni faida na zinatozwa kodi 6,000. Zinabaki 14,000, na thamani yake ya leo ni 8,498.

Jumla: 100,000 toa 22,457, ongeza 15,720, toa 8,498. Gharama ya kununua ni 84,765. Kukodi ni 81,351. Tofauti ni dola 3,414, na kukodi kunashinda.

Hesabu ileile kwa sura ya mkopo

Wapo wasioamini "thamani ya leo", na siwalaumu, maneno yenyewe ni makavu. Kuna namna nyingine ya kuiona, na ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa kuwa inaongea lugha ya mkopeshaji. Mwaka 1976 Stewart Myers, David Dill na Alberto Bautista waliueleza mkataba wa kukodi kuwa ni sawa na mkopo fulani. Kazi ni kuutafuta mkopo huo.

Toa safu ya kununua kwenye safu ya kukodi, mwaka kwa mwaka. Leo, ukikodi hulipi 100,000 lakini unalipa pango la kwanza la 27,000. Kwa hiyo ni kama umepewa 73,000. Mwisho wa mwaka wa kwanza unalipa pango la 27,000, unapata nafuu ya kodi 8,100, unakosa nafuu ya uchakavu ya 6,000, na hulipi garaji na asiransi za 4,200. Ukijumlisha, kinachotoka ni 20,700. Mwaka wa pili, wa tatu na wa nne ni hivyohivyo. Mwaka wa tano hakuna pango tena, lakini huna kamyo ya kuuza: nafuu 8,100, toa 6,000, ongeza 4,200, toa 14,000. Kinatoka 7,700.

Kwa maneno mengine, mwenye kamyo anakukopesha 73,000 leo, unamrudishia 20,700 mara nne na 7,700 ya mwisho. Sasa nenda benki, kwa moyo tu, uulize: kwa marejesho hayohayo, baada ya kodi, mngenikopesha ngapi? Kwa asilimia 10.5 wangekupa 69,586. Mwenye kamyo anakupa 3,414 zaidi. Hiyo ndiyo faida yote ya kukodi, haina siri nyingine.

Kwenye Ekseli, kompyuta nyingi za hapa zikiwa na Ekseli ya Kifaransa, weka 73000 kwenye C2, -20700 kwenye C3 hadi C6, na -7700 kwenye C7:

```
=VAN(10,5%;C3:C7)+C2
=TRI(C2:C7)
```

Ya kwanza inatoa 3,414. Angalia kwamba C2 imekaa nje ya mabano. VAN huchukulia kisanduku cha kwanza kuwa ni cha mwisho wa mwaka 1; ukiandika C2:C7 yote ndani, fedha za leo nazo zinapunguzwa kwa mwaka mmoja na jibu linatoka dogo kuliko linavyopaswa. Ishara yake ni kwamba jibu lako likizidishwa kwa 1.105 linakuwa lile la kweli. Fomula ya pili inatoa karibu asilimia 8.5. Hiyo ni riba anayokutoza mwenye kamyo, baada ya kodi. Igawe kwa 0.70 na utapata 12.1. Maana yake kwa mwenye kampuni ni nyepesi: benki ikishusha riba chini ya 12 hivi, nunua; ikibaki juu ya hapo, ikodi, mradi tarakimu nyingine zisibadilike.

Ndiyo maana riba ya benki inafaa kuandikwa ilivyo kweli, siyo ilivyo kwenye tangazo. Benki ikichukua asilimia 2 za kufungua dosye mwanzoni, unapokea 98,000 huku unarejesha kana kwamba ni 100,000, na mkopo wa 15 unakuwa karibu 15.9. Na kama 15 hiyo ni ya kugawanya kwa miezi 12, yaani 1.25 kila mwezi, basi fanya hesabu yote kwa miezi na kiwango cha 0.875 kwa mwezi, usichanganye miezi na mwaka. Pango la feranka nalo lisipimwe kwa riba ya mkopo wa dola.

Kamyo itauzwa ngapi?

Kati ya tarakimu zote, pango limeandikwa, riba imeandikwa, kodi imeandikwa. Ile 20,000 ya kuuza kamyo haijaandikwa na mtu yeyote. Ndiyo inayostahili muda wako.

Tafuta mahali jibu linapogeuka. Kununua kunahitaji 3,414 zaidi leo, ambazo baada ya miaka 5 ni 3,414 gawanya kwa 0.607, yaani 5,624 baada ya kodi, au 8,035 kabla ya kodi. Kwa hiyo kamyo ikiuzika kwa zaidi ya 28,000 hivi, kununua kunashinda. Swali linakuwa la sokoni, siyo la kontable: kamyo ya aina hii, yenye miaka 5 ya barabara ya Kolwezi, inauzwa ngapi leo mjini? Wanaouza makamyo yaliyotumika wanajua. Aina ambayo pyese zake zinapatikana kila duka inashika bei. Ile ambayo kila fundi anasema pyese mpaka ziagizwe nje haishiki.

Wengine huipima fedha ya kuuza kamyo kwa kiwango kikubwa kuliko 10.5, kwa kuwa haina uhakika kama pango. Ni sawa, na hapa, tofauti na pango, hoja ya asilimia 20 inaingia akilini. Ukifanya hivyo, 14,000 inakuwa na thamani ya leo ya 5,626 badala ya 8,498, na kukodi kunashinda kwa karibu 6,300. Mstari huo mmoja tu ndio unaobadilishiwa kiwango. Mingine inabaki 10.5.

Kama mkataba ni wa kredi-bai, unaotambuliwa nchini na sheria nambari 15/003 ya tarehe 12 Februari 2015, mkodi ana haki ya kununua kamyo mwishoni kwa bei iliyokubaliwa mwanzoni. Hapo kamyo iliyochoka iko pande zote mbili, na upande wa kukodi unaongeza bei hiyo ya mwisho. Ongea pia na kontable wako kabla ya kuandika chochote cha kodi. Kontabilite ya OHADA huuingiza mkataba wa aina hiyo vitabuni kama mali na deni, na kinachokubaliwa kupunguza kodi kinaweza kuwa pango lenyewe, au uchakavu na riba. Chagua kimoja. Kuandika vyote viwili ni kujipa nafuu ambayo haipo.

Usipokuwa na faida ya kutozwa

Hesabu yote hapo juu inadhani kampuni ina faida kila mwaka. Kampuni inayoanza, au yenye mwaka mbaya, haina faida ya kutozwa asilimia 30, kwa hiyo riba haimpunguzii kitu, uchakavu haumpunguzii kitu, pango halimpunguzii kitu. Kiwango kinarudi kuwa 15, siyo 10.5, na nafuu zote zinafutwa. Kukodi kunakuwa 104,084. Kununua kunakuwa 100,000 ongeza 20,113 za garaji na asiransi, toa 9,944 za kuuza, yaani 110,169. Kukodi kunashinda kwa 6,085, karibu mara mbili ya mwanzo.

Sababu yake haimo kwenye kamyo. Uchakavu wa 20,000 kwa mwaka una thamani kwa mwenye faida pekee. Asiye na faida akinunua, nafuu hiyo inalala bure vitabuni. Akikodi, kampuni ya kukodisha yenye faida inaitumia, na sehemu yake inamrudia kwa pango dogo. Hasara ikibebwa kwenda miaka ya mbele, nafuu haipotei yote, inachelewa. Iandike kwenye mwaka ambao kweli itapunguza kodi. Wala usitumie 10.5 kwa mwaka usio na faida kwa sababu tu fomula imekwisha kuandikwa.

TVA ya asilimia 16 naipitia haraka. Kampuni iliyosajiliwa kwa TVA huikata kwenye TVA inayowatoza wateja wake, kwa hiyo tumeifuta pande zote. Mnunuzi hata hivyo analipa 16,000 siku moja na kusubiri kuzikata polepole, mkodi analipa yake kidogo kidogo. Kusubiri huko kuna gharama ya 10.5 kwa mwaka. Ambaye hakusajiliwa haikati kabisa, aiweke ndani ya bei na ndani ya pango.

Kifungu cha dhamana

Karatasi ya kukodi ina mstari mdogo ambao bado sijautaja: dhamana ya dola 10,000, inalipwa siku ya kusaini, inarudishwa bila riba siku kamyo inaporudi. Wengi hawaiandiki kwenye hesabu kwa kuwa "itarudi". Itarudi kweli, lakini 10,000 za baada ya miaka 5 ni 6,070 za leo. Umeacha 3,930 kwa mwenye kamyo, na kwa kuwa dhamana si gharama, hakuna nafuu ya kodi juu yake.

Faida ya kukodi ilikuwa 3,414. Dhamana imeila yote na kudai 516 juu.

Ni hapa ambapo kujua tarakimu kamili kunakupa la kusema mezani. Bila dhamana, pango linaloweza kulipwa kabla kununua hakujashinda ni 28,130 hivi kwa mwaka. Pamoja na dhamana ya 10,000, linashuka hadi 26,830. Mwenye kamyo anayekataa kushusha pango kwa 170 anaweza kukubali dhamana ya 8,000, na kwake inaonekana ni jambo dogo. Kwa mkodi, dhamana ya 8,000 inagharimu 3,144, na kukodi kunarudi mbele kwa dola 270. Mpaka wenyewe uko kwenye dhamana ya 8,690 hivi. Ikizidi hapo, rudi benki.